Barua ya Wazi kwa Wakodishaji Magari wa Kitale na Bungoma: Mkwaruzo Huo Mliusaini Wenyewe

Kwa Wakurugenzi na Mameneja,
Kampuni za Kukodisha Magari,
Kitale na Bungoma.

Waheshimiwa,

Barua hii inawajia nyote mnaokodisha magari katika miji hii miwili, ingawa chanzo chake ni kampuni moja tu miongoni mwenu. Kampuni hiyo haitatajwa jina. Mkurugenzi wake akisoma aya mbili zijazo atajijua, na huenda wengine nao wakajiona humo, maana yaliyompata mteja wake mmoja si mageni kwa watu wa Tuwan, Kitale, waliowahi kukodisha gari la kwenda kutoa mahari, la kwenda matangani au la kumleta mgonjwa nyumbani kutoka hospitali.

Mteja mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Tuwan. Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, shule zikiwa zimefungwa, alikodisha Toyota Axio ya rangi ya fedha ili aipeleke familia yake kwenye mazishi upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma. Alilipa KSh 12,000 kwa siku tatu, na juu yake amana ya KSh 10,000, zote kwa M-Pesa. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo alizungushwa gari na karani wenu, fomu mkononi. Karani alichora alama ya X kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akachora nyingine kwenye kona ya kulia ya bampa ya nyuma, akaandika pembeni "ya zamani". Akasaini. Mwalimu naye akasaini, akapewa nakala ya manjano. Kisha, jua likiwa bado halijazama, akalizunguka gari tena peke yake akiwa na simu, akapiga picha kumi na nne.

Jumatatu asubuhi alirudisha gari likiwa limeoshwa na mafuta yakiwa palepale yalipokuwa. Safari hii alimkuta karani mwingine. Huyu alitoa fomu mpya kabisa, akaanza kuijaza bila kuitazama ile ya Ijumaa, na alama zilezile mbili zikageuka kuwa uharibifu wa mwalimu. Kufikia saa sita mchana bili ilikuwa imefika kwenye simu yake: mlango KSh 9,000, bampa KSh 7,000, na gari kulala gereji siku mbili KSh 8,000. Jumla KSh 24,000. Amana yake ingekatwa yote, na bado angedaiwa KSh 14,000.

Mwalimu alijibu kwa picha na kwa fomu. Majibu aliyopewa ndiyo yaliyoizaa barua hii, na hoja zifuatazo zinayachukua moja baada ya jingine.

1. Fomu ni ushahidi wenu, si wa mteja

Fomu ya hali ya gari haikutungwa na mwalimu. Ina jina la kampuni yenu juu, mchoro wa gari lenu katikati, na saini ya mfanyakazi wenu chini. Alama mbili zilizochorwa Ijumaa zilichorwa kwa kalamu yenu. Mlipozisaini mlikuwa mnasema jambo moja: gari linatoka hapa likiwa na makovu haya, na tunajua. Kampuni haiwezi kusema hivyo Ijumaa na kusema kinyume chake Jumatatu kwa sababu tu karani wa zamu amebadilika.

Meneja wenu alipoona hoja hiyo imembana, alihamia kwingine. Alisema kwamba X ya mlangoni ilikuwa ya mkwaruzo, ilhali kinachodaiwa ni bati kubonyea. Huo ni utetezi wa kusikitisha. Fomu yenu haina alama tofauti ya mkwaruzo, ya kubonyea wala ya kupasuka. Ina X tu, na kila kitu huwekewa X. Kama X inaweza kusomwa kwa maana mbili, basi Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeshasema nani anufaike na utata huo: mkataba ulioandaliwa na muuzaji wa huduma, ukiwa na kipengele kinachoweza kueleweka kwa njia zaidi ya moja, hufasiriwa kwa faida ya mtumiaji. Ninyi ndio mlioandaa fomu. Mkitaka X iwe na maana moja tu, ichapisheni upya.

Tena kuna jambo la msingi kuliko hilo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 107, inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka mahakama iamini kwamba jambo fulani lipo. Mwalimu hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuligonga gari. Ninyi ndio mnaopaswa kuonyesha kwamba mlango ulikuwa mzima Ijumaa. Na karatasi pekee mnayoweza kuitoa kuonyesha hali ya mlango siku ile ni fomu hiyohiyo yenye X.

2. Picha hazikutengenezwa, na zinasema mengi kuliko mlivyotazama

"Picha siku hizi zinatengenezwa," aliambiwa kwenye simu. Ni kweli picha zinaweza kuhaririwa, na ni kweli pia kwamba saa ya simu inaweza kurudishwa nyuma na mwenye simu. Kwa hiyo barua hii haitaki mwalimu aaminiwe kwa sababu ya sura yake. Inataka picha zipimwe, na njia za kuzipima zipo.

Kwanza, faili halisi bado zimo ndani ya simu iliyozipiga. Ile ya mlango inaitwa `IMG_20250815_175834.jpg`, na ndani yake, kwenye sehemu ya `DateTimeOriginal`, kuna tarehe na saa ileile: saa kumi na moja na dakika 58 jioni. Hayo maelezo ya ndani hubaki kwenye faili ya asili tu. Picha ikipitia WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, maelezo hayo huondolewa, na kwenye simu nyingi za Android jina hubadilika likawa la mtindo wa `IMG-20250815-WA0007.jpg`. Ndiyo maana mwalimu hakufuta zile za asili hata baada ya kuwatumia ninyi nakala, na ndiyo maana meneja wenu alipofungua nakala ya WhatsApp na kusema "haina tarehe ya kupigwa" alikuwa anatazama faili isiyo yenyewe.

Pili, na hapa ndipo hoja ya kutengenezwa inapokufa, picha sita kati ya hizo zilitumwa kwenye namba yenu ya kazi jioni ileile, kabla gari halijatoka nje ya lango. Karani wenu alijibu, "Sawa mwalimu, safari njema." Ujumbe huo upo kwenye simu ya mwalimu na upo kwenye simu ya ofisi yenu, ukiwa na saa iliyoandikwa pande zote mbili. Mwalimu anaweza kuchezea saa ya simu yake, lakini hawezi kuingia ofisini kwenu akachezea ya simu yenu. Picha iliyowafikia Ijumaa jioni haiwezi kuwa na mkwaruzo wa Jumamosi.

Tatu, ujumbe wa M-Pesa wa amana una saa yake pia, dakika sita kabla ya picha ya mlango. Saa hiyo haikuwekwa na mwalimu wala na ninyi.

Sasa itazameni picha yenyewe ya mlango, pole pole, kama fundi wa rangi anavyotazama. Mwalimu aliipiga akiwa amesimama kwa mshazari karibu na taa ya nyuma, si akiwa ameuelekea mlango uso kwa uso. Jua la jioni lilikuwa chini upande wa magharibi, na kwenye rangi ya fedha iliyooshwa vizuri unaona taswira ya vyuma vya lango lenu: mistari iliyonyooka, inashuka mlangoni moja baada ya nyingine. Ikifika chini kidogo ya kitasa, mistari miwili inapinda, inavutwa ndani, kisha inanyooka tena. Bati lililonyooka halipindishi taswira. Hapo ndipo pamebonyea, Ijumaa jioni, mbele ya ofisi yenu. Mkipiga picha mkiuelekea mlango uso kwa uso mchana wa jua kali, kubonyea kama huko hakuonekani kabisa, na pengine ndiyo maana karani wenu aliona mkwaruzo peke yake.

Juu ya palipobonyea ndipo ulipo mkwaruzo. Picha ikikuzwa, ndani ya mfereji wake kuna rangi ya hudhurungi. Hiyo ni kutu. Mlango wa Axio ni wa chuma, na chuma kikivuliwa rangi katika mvua za Agosti huanza kushika kutu baada ya siku chache, lakini mkwaruzo wa saa moja au wa siku moja hung'aa, au huonyesha rangi ya msingi iliyo safi, na kingo zake huwa kali. Huu kingo zake zimelainika, na pembeni kuna weupe mkavu wa polishi iliyokwama. Umeoshwa na kupigwa polishi mara kadhaa kabla mwalimu hajaliona gari hilo.

Bampa ni hadithi tofauti, kwa kuwa ni ya plastiki na haishiki kutu. Hapo dalili ni nyingine. Kwenye picha ya kona ya kulia rangi imebanduka ikaacha plastiki nyeusi, na kuzunguka pale palipobanduka kuna duara la fedha iliyofifia, isiyolingana na fedha ya buti iliyo juu yake. Mtu aliwahi kupuliza rangi pale kwa haraka, bila kuipiga plastiki msasa ipasavyo, na rangi hiyo ndiyo iliyobanduka. Kwa maneno mengine, kona hiyo ilishaharibika, ikarekebishwa vibaya, ikaharibika tena, yote kabla ya tarehe 15 Agosti.

Kwa ajili ya mahakama, mwalimu ameandaa pia cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa kumbukumbu za kielektroniki: aina ya simu, kwamba ni yake, kwamba ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na jinsi picha zilivyohamishwa kutoka kwenye simu hadi kwenye karatasi bila kuguswa. Ni ukurasa mmoja.

3. Bili haina miguu

Mwalimu aliomba risiti ya gereji. Alitumiwa picha ya kipande cha karatasi chenye namba tatu zilizoandikwa kwa mkono, bila jina la gereji, bila simu, bila tarehe. Hayo si malipo yaliyofanyika. Ni makadirio, na hata makadirio yenyewe hayajulikani ni ya nani.

Kampuni yoyote inayolipa kodi inajua kwamba tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi, isipokuwa zile chache zilizosamehewa kisheria. Gari likiwa kweli limepelekwa kwa fundi na KSh 16,000 kweli zimelipwa, kampuni yenyewe ingekuwa ya kwanza kuitaka ankara hiyo kwa faida yake. Kutokuwepo kwake kunazua swali, na swali hilo halimhusu mwalimu.

Kisha zile KSh 8,000 za gari kulala. Jumatano ya wiki hiyohiyo Axio lenyewe, kwa namba zake, lilionekana limeegeshwa karibu na soko la Kitale likiwa na abiria wengine. Mkwaruzo ulikuwa palepale, na mwalimu ana picha. Gari halikulala, na mlango haukupakwa rangi. Kama mlango haukupakwa rangi, basi mteja anayefuata atauona, na asipopiga picha naye ataulipia.

Kuna hesabu nyingine ambayo wateja wengi hawaijui, lakini ninyi mnaijua. Fundi wa rangi haparuzi sentimita kumi na kuziacha. Ili rangi ya fedha ilingane, hupiga msasa na kupuliza mlango mzima, na mara nyingine huivuta kidogo hadi kwenye paneli ya jirani. Gharama ya mlango ni ileile ukiwa na mkwaruzo mmoja au mitatu. Basi hata kama ingekuwa kweli kwamba mwalimu aliongeza mstari mmoja mpya kwenye mlango huo, mlango ulikuwa tayari unahitaji kazi nzima ya KSh 9,000 kabla hajaugusa. Hasara mliyoipata kwa mstari huo wa ziada ingekuwa ndogo mno, kama ingekuwepo. Kumtoza bei ya mlango mzima ni kumfanya awalipie uzembe wa aliyemtangulia, na pengine wa aliyemtangulia huyo pia. Swali lenye haki ya kuulizwa hadharani ni hili: mlango huo umeshalipiwa na wateja wangapi?

4. "Tumalizane" si huruma

Baada ya siku kadhaa za kupigiana simu, kampuni ilibadilisha sauti. Mwalimu aliambiwa kwamba kwa kuwa yeye ni mtu mzuri, deni la KSh 14,000 litasamehewa. Amana tu ndiyo ingebaki na kampuni, na mambo yaishe hapo. Tumalizane.

Ndugu Wakurugenzi, mpango huu ndio unaopaswa kukomeshwa kuliko yote. Bili ya KSh 24,000 haikuandikwa ili ilipwe. Iliandikwa kubwa ili amana ya KSh 10,000 ionekane ndogo, ili mteja aliyeamka akiwa anadaiwa alale akishukuru. Mtu wa mshahara, aliyetoka kuzika, hana wiki nyingine ya kupiga simu. Wengi hukubali. Wakikubali, hakuna karatasi inayobaki ya kuonyesha kwamba kulikuwa na mgogoro, na amana hiyo huingia kwenye hesabu kama pato.

Mwalimu alipokataa, alitishwa kwamba picha yake na ya kitambulisho chake zingetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wakodishaji magari kama "mteja msumbufu". Hilo likitendeka halitakuwa tena suala la mlango. Kitambulisho alichowapa alikitoa kwa ajili ya kukodisha gari, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu kukitumia kumwaibisha. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alilitoza klabu moja la Nairobi faini ya KSh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Faini hiyo ilitokana na picha tu, bila namba ya kitambulisho.

5. Linakotokea tatizo, nanyi mnakujua

Wakodishaji wengi katika miji yetu si wenye magari. Gari ni la mtu: mfanyabiashara, mwalimu kama mteja huyu, au mtu aliye ughaibuni aliyelileta kutoka Japani na kuliacha kwenu lizalishe. Mwenye gari akija mwisho wa mwezi na kuona mkwaruzo, anawauliza ninyi, na kama hamkuandika nani aliuweka, hamna jibu. Hapo mteja aliye karibu zaidi ndiye anayegeuzwa jibu. Gari lililorudishwa usiku wa Jumapili na kutolewa tena alfajiri ya Jumatatu bila mtu kulikagua linabeba dhambi za wote waliolipanda.

Hakuna anayekana kwamba nanyi mnaumizwa. Wapo wateja wanaorudisha gari na sampu imepasuka, wanaobadilisha tairi ya akiba, wanaozima simu. Lakini tiba ya hayo ni kumbukumbu nzuri, na kumbukumbu mbaya haiwezi kulipwa na mtu aliyeleta kumbukumbu nzuri kuliko zenu.

Tabia hii haikuanzia Kitale, na kwingine imeshabanwa. Mwezi Januari 2017 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba kampuni tano kubwa, Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt, zimekubali kubadilisha taratibu zao baada ya malalamiko mengi ya wateja. Moja ya mambo ziliyoyakubali ni kwamba mteja apewe nafasi ya kutosha kuupinga uharibifu anaodaiwa kabla pesa hazijachukuliwa kwake. Kama kampuni zenye magari maelfu katika nchi nyingi zinaweza kusubiri jibu la mteja, kampuni yenye magari kumi na mawili uani inaweza.

Yanayoombwa

Kwa kampuni inayohusika, maombi ni matatu. Amana ya KSh 10,000 irudishwe yote kwenye namba ileile ya M-Pesa iliyoituma. Deni la KSh 14,000 lifutwe kwa maandishi, si kwa mdomo, kwa kuwa deni lililosamehewa kwa mdomo hufufuka. Na ithibitishwe, pia kwa maandishi, kwamba picha na kitambulisho cha mwalimu havijatumwa wala havitatumwa kwenye kundi lolote.

Kwenu nyote, ombi kubwa ni gari likaguliwe linaporudi kwa fomu ileile liliyotoka nayo. Karani aishike fomu ya kutoka mkononi na ajaze safu ya pili ya karatasi hiyohiyo, mteja akiwa amesimama hapo. Fomu mpya tupu haipaswi kuguswa. Hili peke yake lingeuzuia mgogoro wa mwalimu, na halina gharama yoyote zaidi ya kuchapisha fomu yenye safu mbili. Fomu hiyo iwe na alama tofauti kwa mkwaruzo, kubonyea, kupasuka na rangi kubanduka, na iwe na mahali pa rimu na kioo cha mbele, ambavyo huachwa mara nyingi. Kwenye kioo dalili ni rahisi: kijidonda cha jiwe kilicho kipya ni safi na hung'aa, cha zamani kimeshajaa uchafu unaokipa weusi.

Kila gari liwe na daftari lake la makovu, lenye picha na tarehe, na mteja aonyeshwe kabla ya kusaini. Daftari hilo litawafaa ninyi mbele ya mwenye gari kuliko litakavyomfaa mteja. Miezi ya mvua gari litolewe likiwa limeoshwa, kwani tope la barabara za huku huficha mlango mzima. Linapochukuliwa au kurudishwa usiku, ukaguzi ufanywe chini ya taa, na isipowezekana, mteja aandikiwe kwenye fomu kwamba ana hadi saa mbili asubuhi kutuma picha.

Na kabla ya kukata shilingi moja ya amana, mteja apewe picha za kutoka na za kurudi zikiwa pamoja, ankara ya gereji yenye jina na namba, na angalau siku saba za kujibu.

Kitakachofuata

Mwalimu amekubali kusubiri siku 14 tangu barua hii kuchapishwa. Zikipita, atawasilisha dai lake katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi Aprili 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Mwalimu anaruhusiwa kujisimamia bila wakili, mahakama haifungwi na kanuni zote ngumu za ushahidi, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Atabeba nakala ya manjano, picha kumi na nne na cheti chake, ujumbe wa WhatsApp wenye jibu la karani, ujumbe wa M-Pesa, na picha ya Jumatano. Nakala ya malalamiko itapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo sheria yake ya mwaka 2010 inakataza kumpa mtumiaji maelezo ya uongo au ya kupotosha.

Mkichagua kumjibu kabla ya hapo, namba yake mnayo. Ni ileile mliyoitumia kumtakia safari njema. Mkienda mahakamani, tafadhali njooni na nakala yenu nyeupe ya fomu ya Ijumaa, kwa kuwa itaombwa, na njooni na simu ya ofisi.

Kwa heshima,

Mwandishi,
kwa niaba ya mteja wenu wa Tuwan, Kitale.